Kupima sonona kwa mgonjwa wa kiharusi mwenye afasia: mwongozo kwa timu za utengamao

Dodoso la PHQ-9 linamtaka mgonjwa asikie sentensi, aishike kichwani, aangalie wiki mbili zilizopita, halafu achague jibu moja kati ya manne. Mwenye afasia anaweza kukwama kwenye hatua yoyote ya hizo. Ndiyo maana kwenye mafaili mengi sehemu ya hali ya moyo huachwa wazi, au mtu huandika "haiwezekani kupimwa" na kuendelea na mambo mengine. Ilhali karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi hupata sonona wakati fulani, na waliopoteza lugha wako kwenye hatari kubwa kuliko wenzao.

Mwongozo huu unamhusu mgonjwa huyo: anaelewa kiasi, anasema maneno machache au hasemi kabisa, na ameanza kukataa mazoezi. Tutafuata mgonjwa mmoja wa mfano, tumwite Mama Upendo. Ana miaka 58, alikuwa akiuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, na sasa anakaa Pasua kwa binti yake. Picha ya CT ilionyesha kiharusi cha kuziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia ni dhaifu. Anasema "ndiyo", "hapana", "Mungu wangu" na jina la mjukuu. Anatumia asprini, amlodipini na haidroklorothiazaidi. Ni wiki ya tano. Amekosa kliniki ya mazoezi mara mbili, na kwenye faili pameandikwa "mgonjwa hana ushirikiano".

Maneno hayo matatu yanapoonekana kwenye faili, yachukuliwe kuwa ni dalili inayotafutiwa sababu. Ratiba ya kawaida ni kupima kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, tena wiki ya nne hadi ya sita, halafu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Mgonjwa aliyekuwa akisonga mbele kisha akasimama hapaswi kusubiri ratiba. Kwa upande mwingine, siku chache za mwanzo wodini si wakati wa kutoa hukumu, maana mshtuko, usingizi mbovu na ubongo uliovimba huweza kufanana na sonona kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha "ndiyo" yake ni ndiyo

Kabla ya kuuliza lolote kuhusu huzuni, ni lazima ujue kama jibu la mgonjwa linaaminika. Wengi wenye afasia husema "ndiyo" kwa kila kitu, ama kwa adabu, ama kwa sababu neno hilo ndilo linalotoka. Ukimpa PHQ-9 mtu wa namna hiyo utapata alama kubwa isiyo na maana. Anayesema "hapana" kwa kila kitu atakupa sifuri, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu timu italala ikidhani imepima.

Andaa maswali nane ambayo majibu yake unayajua, manne ya ndiyo na manne ya hapana, yakiwa yamechanganywa. Kwa Mama Upendo yalikuwa hivi: Tuko Moshi? Tuko Dodoma? Wewe ni mwanamke? Huyu ni kaka yako? (ukimwonyesha binti yake). Hiki ni kikombe? Hii ni kalamu? (ukiwa umeshika kijiko). Ulikuwa unauza ndizi? Ulikuwa unauza viatu? Uliza moja, kaa kimya, hesabu hadi kumi moyoni. Wengi wetu huuliza tena baada ya sekunde tatu, na hapo mgonjwa aliyekuwa karibu kujibu hulazimika kuanza upya.

Apate angalau saba. Anayebahatisha tu anaweza kupata nne bila shida, lakini kufika saba au nane kwa kubahatisha hutokea kama mara tatu au nne kwenye mia. Anayesema "ndiyo" mfululizo atapata nne kamili, na mpangilio wa majibu yake utamfichua.

Jibu si lazima litoke mdomoni. Tayarisha kadi moja yenye NDIYO na alama ya vema kwa kijani juu, HAPANA na msalaba mwekundu chini. Ziwe juu na chini, zisiwe kushoto na kulia, kwa sababu mgonjwa anaweza kuwa amepoteza sehemu ya uoni upande mmoja. Maswali yakifika nusu, geuza kadi. Kama kidole kinabaki kuonyesha sehemu ileile ya karatasi bila kujali kilichoandikwa, basi anajibu kwa mahali. Hakikisha amevaa miwani yake, na kelele za korido ziko nje ya mlango.

Mama Upendo alipata matano kwa mdomo. Kwa kadi alipata saba. Tofauti hiyo inatokea mara nyingi: mdomo unasema "ndiyo" huku kidole kinaonyesha hapana, na hapo kidole ndicho cha kuaminiwa, ilimradi kimepita mtihani.

Jambo moja la lugha linaharibu vipimo vingi hapa kwetu. Usiulize swali la kukanusha. Ukimwuliza mtu "Hulali vizuri?" naye akasema "ndiyo", hujui kama anakubali kwamba halali au anakwambia analala. Mwenye lugha kamili ataongeza maneno kufafanua, lakini mwenye afasia hana maneno ya kuongeza. Uliza "Unalala vizuri?" halafu baadaye kidogo "Unaamka usiku?" Majibu yakigongana, hujapata jibu. Swali la kwanza la PHQ-9 limejengwa kwa kukanusha hamu au raha, kwa hiyo lazima ligeuzwe: "Bado unafurahia kanisa?" na "Bado unafurahia wajukuu?"

Uliza pia familia ni lugha gani ilitawala nyumbani. Kuna wazee wa Marangu au Machame waliotumia Kichaga maisha yao yote na Kiswahili sokoni tu. Kiharusi hakiondoi lugha zote kwa kiwango kimoja. Jaribu maswali yale nane kwa lugha zote mbili, utumie ile inayofanya vizuri zaidi. Anayetafsiri asiwe ndugu anayeishi naye, maana maswali yanayofuata yanahusu ndugu haohao.

Asiyefika saba kwa njia yoyote haulizwi dodoso. Kwake mtategemea uchunguzi wa nje peke yake, na mwandike hivyo wazi.

Hatua ya pili: mwulize mwenyewe, kwa vipande

Kwa aliyepita, anza na mambo mawili ya mwanzo ya PHQ-9: kupoteza hamu na kuwa na huzuni. Vunja kila moja mara mbili. Kwanza ndiyo au hapana. Ikiwa ipo, ndipo uulize ni mara ngapi, ukitumia vikombe vinne vilivyochorwa kwa safu ya wima: kitupu, chenye kiasi kidogo, kilichozidi nusu, kilichojaa. Hivyo ndivyo viwango vinne vya dodoso, yaani hakuna, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, na karibu kila siku, kwa alama 0 hadi 3. "Wiki mbili zilizopita" ni kitu cha hewani. Shikiza kwenye tukio. Kwa Mama Upendo ilikuwa "tangu mjukuu arudi shule", na picha ya mtoto mwenye sare ikawekwa mezani.

Jumla ya alama 3 au zaidi kwenye maswali haya mawili inatosha kuendelea na mengine saba. PHQ-9 nzima ina alama 0 hadi 27, na 10 ndipo mpaka wa kawaida unapowekwa. Lakini ukishabadilisha maneno na kuweka vikombe, mpaka huo haukupimwa kwa dodoso lako. Utumie kama kidokezo.

Mama Upendo alionyesha kikombe kilichojaa kwa kupoteza hamu, na chenye kiasi kidogo kwa huzuni. Jumla 4. Hapo alichoka, akageuza uso. Mkaishia hapo siku hiyo, ila swali moja.

Swali la kujidhuru haliahirishwi. Liulize faraghani, binti akiwa nje, kwa maneno makavu na mafupi, kila wazo peke yake: "Mama, unafikiri bora ungekufa?" Subiri. "Unataka kujiua?" Subiri. "Umeshapanga namna?" Kurudia swali kwa namna nyingine mwishoni ni lazima, kwa sababu "ndiyo" ya bahati mbaya hapa itawasha moto, na "hapana" ya bahati mbaya itauzima usipotakiwa kuzimwa. Ukipata ndiyo kwenye swali la pili au la tatu, mgonjwa haondoki kabla daktari hajamwona siku hiyohiyo. Familia huambiwa waziwazi wafungie dawa zote, na wasisahau zile za kunyunyizia kahawa na mbogamboga, ambazo kwenye nyumba nyingi za mlimani hukaa stoo bila kufuli. Kupooza upande mmoja hakumzuii mtu kufungua chupa.

Mama Upendo alionyesha ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa mawili yaliyofuata, na marudio yakatoa majibu yaleyale. Hilo liliandikwa kwa maneno hayohayo kwenye faili, pamoja na jina la atakayeuliza tena wiki inayofuata.

Hatua ya tatu: mwulize anayeishi naye, kuhusu vitendo

Dodoso la SADQ lilitengenezwa kwa ajili ya sonona ya wenye afasia, na mgonjwa haulizwi kitu. Anayejibu ni muuguzi au ndugu, na anajibu kuhusu vitu vinavyoonekana kwa macho. Toleo fupi la nyumbani, SADQ-10, lina mambo kumi, kila moja likipewa 0 (kamwe) hadi 3 (mara nyingi), jumla 30. Alama 15 au zaidi huashiria sonona. Kwa wodini kuna SADQ-H10, inayohesabu siku ndani ya wiki moja, na mpaka wake ni 6. Angalia vizuri ni toleo gani mmeshika. Kuchukua mpaka wa 15 na kuutumia kwenye toleo la wodini ni kuwapitisha wagonjwa wengi wenye sonona kana kwamba ni wazima.

Binti alijibu hivi. Vipindi vya kulia: 2. Usiku wa kuhangaika: 3. Kukwepa kutazamana macho: 2. Kububujikwa machozi ghafla: 1. Kuonyesha maumivu: 3. Hasira: 0. Kukataa kujumuika na watu: 3. Kutotulia: 0. Kukaa bila kufanya chochote: 2. Kujishughulisha mchana: hili huhesabiwa kinyume, na kwa kuwa alisema "mara chache", alipata 2. Jumla 18.

Mkiishia hapo mtaandika "sonona" na kutoa dawa. Sasa angalia alama zenyewe. Sita kati ya hizo 18 zinatoka kwenye maumivu na usiku mbaya. Mtaalamu wa fiziotherapia alipogusa bega la kulia, mama alikunja uso na kuuvuta mwili. Pengo la kidole kimoja lilikuwa wazi chini ya mfupa wa bega. Binti alipoulizwa aonyeshe anavyomnyanyua mama yake kitandani, alimshika mkono uleule uliopooza akavuta. Kumbe kila asubuhi bega lilikuwa linavutwa, na kila usiku lilikuwa linauma.

Ukiondoa hizo alama sita, zinabaki 12, chini ya mpaka. Hesabu hii ya kuondoa si kipimo rasmi, na hairuhusiwi kuandikwa kama matokeo. Kazi yake ni kuionyesha timu swali la kushughulikia kwanza. Vilevile msiende upande wa pili mkasema "ni bega tu": kupoteza hamu alikujibu mwenyewe kwa kikombe kilichojaa, na kukwepa macho hakuletwi na bega.

Mkiwa na mtaalamu aliyefundishwa kumhoji na kumwangalia mgonjwa, kipimo cha ADRS nacho kinafaa kwa wenye afasia: mambo tisa, jumla 32, mpaka 9. Kwa timu ndogo, SADQ inatosha.

Hatua ya nne: vinavyofanana na sonona

Vitatu vinatosha kuchanganya timu nzima.

Kilio kisicho na huzuni. Mgonjwa anabubujikwa ghafla, mara nyingi akiguswa na jambo dogo kama kutajiwa jina la mtoto, na baada ya nusu dakika amekauka. Mwulize palepale kwa kadi: "Una huzuni?" Akionyesha hapana, kisha ukimwelekeza kwenye kitu kingine kilio kikakatika, hiyo ni shida ya ubongo kudhibiti machozi. Inaweza kukaa pamoja na sonona, na hutibika kwa dawa zilezile, lakini familia inahitaji kuambiwa kwamba mama halii kwa sababu wamemkosea.

Ubongo uliopoteza msukumo. Huyu hakai kimya kwa uchungu. Hana wa kumsukuma kuanza. Ukimwanzishia, anafuata, na uso wake haubebi majonzi. Mwenye sonona ukimwanzishia hukusukuma mbali. Dawa za sonona humsaidia kidogo huyu wa kwanza, ila ratiba ngumu yenye mtu wa kumwanzisha humsaidia zaidi.

Kuchanganyikiwa kwa utulivu. Mgonjwa aliyebadilika ndani ya siku mbili au tatu, analala mchana, anapanda na kushuka ndani ya saa, huyo tafuta maambukizi ya mkojo au kifua, sukari, upungufu wa maji na chumvi. Hapo dodoso linawekwa pembeni kabisa. Hata kwa mwenye sonona ya wazi, pima damu, sukari, sodiamu, na tezi kama mnaweza, kisha pitia dawa zake: levetirasetamu, inayotolewa kwa degedege baada ya kiharusi, huweza kuleta hasira na huzuni.

Hatua ya tano: mpango wa wiki mbili za kwanza

Mama Upendo anakula, anakunywa, hana mpango wa kujidhuru. Kwa hiyo timu iliamua kutibu bega na kuanza ratiba ya shughuli mara moja, dawa ya sonona isubiri hadi tarehe iliyoandikwa. Angekuwa amekataa chakula, au na nia ya kujiua, au na historia ya sonona kali kabla ya kiharusi, dawa isingesubiri.

Bega: mtaalamu wa tiba kazi alimfundisha binti kumnyanyua kwa kumshika kiunoni na nyuma ya bega, mkono usivutwe tena kwa sababu yoyote. Mto chini ya mkono akikaa na akilala. Parasetamo gramu 1 mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Binti alikuwa amenunua tramado duka la dawa, iliondolewa. Kisa cha kuiondoa mapema ni kwamba ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuleta degedege na sumu ya serotonini, na wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka kuuliza.

Shughuli: hapa ndipo mipango mingi hufa, kwa sababu huandikwa "ashirikishwe shughuli anazopenda". Anazopenda zipi, naye hawezi kusema? Binti alipiga picha ishirini kwa simu: mgomba, redio, kanisa, kiti cha barazani, mjukuu, sufuria ya mtori, jirani, meza ya sokoni. Zilichapishwa kwenye karatasi na kukatwa. Mama akazipanga kwenye mafungu matatu, lenye uso wa furaha, uso mkavu na uso wa kukataa. Meza ya sokoni aliiweka kwenye kukataa, akaichukua, akaitazama, akairudisha. Kwaya alikataa moja kwa moja, na ni rahisi kuelewa: kuketi katikati ya waimbaji ukiwa huna sauti ni adhabu. Zilizobaki upande wa furaha zilikuwa mbili tu, kumenya ndizi na redio ya asubuhi.

Mpango ukaandikwa kwa zote mbili. Kumenya ndizi kila siku saa nne asubuhi, dakika kumi na tano, barazani, ubao wenye misumari ya kushikilia ndizi ili mkono wa kushoto umenye. Anayeanzisha ni binti; akiwa kazini, ni mama jirani aliyekubali. Redio saa moja asubuhi akiwa ameketi kwenye kiti. Kabla na baada ya kila shughuli, mama anaonyesha hali yake kwenye mstari wa wima wenye nyuso tano, binti anaandika namba mbili kwenye kalenda ya ukutani. Namba hizo husaidia kwa jambo moja: siku ya kwanza mgonjwa karibu kila mara hukataa, na kalenda huonyesha kwamba baada ya kuanza hali hupanda hata kama kabla ya kuanza alikataa. Binti akiona hilo mara tatu, haachi.

Nyumbani kila mtu alifundishwa: msemaji mmoja kwa wakati, sentensi fupi, neno kuu liandikwe au kitu kionyeshwe, hesabu kumi. Wageni wasimsemee mbele yake kama hayupo. Na wasipaze sauti, hajawa kiziwi.

Jina moja liandikwe juu ya ukurasa, mtu wa timu atakayepiga simu siku ya saba na kuleta kalenda siku ya kumi na nne. Bila jina hilo, fiziotherapia itadhani daktari amefuatilia, naye daktari atadhani ni ustawi wa jamii.

Hatua ya sita: siku ya kumi na nne

SADQ-10 ilirudiwa na binti yuleyule. Msibadilishe anayejibu, maana mtoto anayelala naye na mtoto anayekuja Jumapili huona watu wawili tofauti. Maumivu yalishuka kutoka 3 hadi 1, usiku kutoka 3 hadi 1. Lakini kukwepa macho kulipanda hadi 3, kukaa bila kufanya chochote hadi 3, mengine yakabaki. Jumla 16.

Alama mbili tu zimeshuka, na mtu asiyetazama ndani atasema hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni maana yake. Mara ya kwanza theluthi ya alama zilibebwa na bega. Sasa karibu zote zinabebwa na kujitenga na kilio, na vikombe vilikuwa vilevile. Kutamani kufa kulikuwepo bado, bila mpango. Sasa dawa ina kazi ya kufanya.

Fluoksetini miligramu 20 asubuhi ndiyo hupatikana kwa urahisi zaidi. Setralini, kuanzia 25 kwa wiki moja kisha 50, ina migongano michache na inafaa zaidi kama mgonjwa anatumia klopidogreli au wafarini: fluoksetini hupunguza nguvu ya klopidogreli na huweza kuongeza ya wafarini. Mama Upendo yuko kwenye asprini. Aliulizwa kuhusu vidonda vya tumbo na choo cheusi, na binti akaambiwa diklofenaki isiguswe, kwa sababu tatu hizo pamoja hutoboa tumbo. Aliyepata kiharusi cha kuvuja damu anahitaji uamuzi wa daktari bingwa kabla ya kuanza.

Hatari inayosahaulika zaidi ni sodiamu. Dawa hizi huishusha, haidroklorothiazaidi nayo huishusha, na mgonjwa anayesinzia na kuchanganyikiwa baada ya siku kumi ataonekana kama sonona imezidi. Ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki mbili. Kwa Mama Upendo daktari aliiondoa haidroklorothiazaidi na kupanga upya dawa za presha kabla ya kidonge cha kwanza.

Amitriptilini ina bei nafuu na familia huipenda kwa sababu mgonjwa analala. Kwa aliyepata kiharusi inabana mkojo, inafunga choo, inachanganya akili, inashusha presha akisimama na hivyo anaanguka, inasumbua moyo, na vidonge vya mwezi mmoja vinatosha kuua. Miligramu 25 usiku hazifiki hata kiwango cha kutibu sonona kwa watu wengi, kwa hiyo mgonjwa anapata madhara bila tiba.

Na usimpe kila mwenye kiharusi fluoksetini kwa kinga. Jaribio la FOCUS la mwaka 2018, na yale ya AFFINITY na EFFECTS ya mwaka 2020, yalionyesha kwamba kuitoa kwa wote hakurudishi nguvu za mwili. Ilipunguza sonona mpya, lakini mifupa iliyovunjika iliongezeka.

Hatua ya saba: kufuatilia

Wiki ya kwanza na ya pili, piga simu uulize kichefuchefu, kutotulia, usingizi, na mawazo ya kufa. Mama anapoanza kupata nguvu kabla huzuni haijaondoka, hatari ya kujidhuru haishuki sambamba. Usiongeze dozi kabla ya wiki ya nne. Dawa hizi huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi yake.

Wiki ya nne alama za Mama Upendo zilikuwa 10. Hasira ilitokea kwa mara ya kwanza, alama 1, na binti aliileta kama lalamiko: mama alimsukuma jirani aliyemnyang'anya kisu cha kumenyea. Timu haikuongeza wala kupunguza dawa. Shughuli ya pili iliongezwa, nayo ilikuwa meza ya sokoni, ambayo safari hii aliitoa mwenyewe kwenye fungu la kukataa. Walianza kwa kupita tu Mbuyuni dakika ishirini asubuhi mapema, kabla wateja hawajajaa, pamoja na muuzaji mmoja aliyekuwa jirani yake wa meza.

Kama wiki ya sita alama zingekuwa hazijashuka, kwanza hesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, kwa sababu sababu ya kawaida ni kwamba havinywewi. Pili, rudia kutafuta maumivu na usingizi. Tatu, daktari apandishe dozi au abadilishe. Mpeleke kliniki ya afya ya akili bila kungoja wiki ya sita kama ameacha kula, anasikia au kuona yasiyopo, aliwahi kupata vipindi vya msisimko uliopitiliza, au "ndiyo" ya kutamani kufa imegeuka kuwa mpango.

Akipona, dawa iendelee miezi 9 hadi 12 bila kukatishwa, kisha ipunguzwe polepole, huku binti akijaza SADQ-10 mwezi mmoja na miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho.